Karatasi Itakayosomwa Siku ya Nne

Hotuba kwa wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, jijini Tanga

Ndugu zangu wauguzi, matabibu, wahudumu wa mitaa na vijiji, na nyinyi wenzetu wa maduka ya dawa muhimu mliojipanga safu ya nyuma, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "uandishi wa majibu ya mRDT", yaani kile kipimo cha haraka cha malaria. Kutoboa kidole mnakujua, kudondosha damu mnakujua, na wengi wenu mnafanya hivyo mara nyingi kuliko mimi. Sitawafundisha hayo. Nitasema juu ya karatasi tu: ile mistari mnayoandika kwenye daftari la mgonjwa au kwenye kadi ya kliniki ya mtoto baada ya kipimo kutoa jibu. Nina neno moja la kusema juu yake. Karatasi ile haiandikwi kwa ajili ya aliyeiandika, kwa sababu yeye amemwona mtoto. Inaandikwa kwa ajili ya watu wawili ambao bado hawajafika kwenye kazi: anayempa mtoto dawa nyumbani usiku wa leo, na mtoa huduma atakayempokea siku ya nne homa ikiwa haijaisha. Huyo wa pili mara nyingi si wewe. Yuko zamu nyingine, au zahanati nyingine kabisa.

Wazee wenzangu humu ndani wanakumbuka enzi za SP, dawa ya malaria ya wakati ule. Kuanzia 2001 hadi tulipohamia dawa mseto kati ya mwisho wa 2006 na 2007, mgonjwa alimeza vidonge vyake mara moja, mbele ya muuguzi, akaenda zake. Dozi imeisha palepale. ALu, ndiyo dawa mseto yenyewe, ilibadilisha kazi yetu bila kututangazia. Dozi ni sita, na sisi tunaiona moja tu. Tano zinatolewa chumbani, kwa mwanga wa simu, na mtu ambaye hatukumfundisha au tulimfundisha kwa haraka huku foleni ikinung'unika. Kwa hiyo daftari lililoandikwa "MRDT +ve, ALu 1x2, PCM" linatosha kwa mhasibu wa dawa. Kwa bibi wa mtoto halisemi kitu.

Tuchukue mtoto mmoja. Nimemtunga, lakini mtamtambua, maana mnamwona kila masika.

Ni Jumanne, tarehe 14 Mei. Mtoto wa kike wa miaka 2 na miezi 3 ameletwa zahanati ya upande wa Pongwe na bibi yake. Mama yake huondoka alfajiri, ana meza ya mboga soko la Mgandini. Mtoto ana homa tangu juzi. Uzito kilo 11.4, joto 38.9. Anakunywa, hatapiki kila kitu, hajapata degedege, hajalegea, viganja si vyeupe. Muuguzi amehesabu pumzi kwa dakika nzima: 34. Kipimo kimesomwa baada ya dakika 20, mstari wa udhibiti upo, na mstari wa malaria upo, umefifia kidogo. Uliofifia ni chanya. Nalirudia hilo kwa sababu bado nakuta watu wanaandika "chanya kidogo", kana kwamba wadudu walikuja nusu. Na mkikuta mstari wa udhibiti haupo, hakuna jibu la kuandika, kipimo ni batili, chukueni kingine.

Sasa muuguzi anaandika. Nitawasomea alivyoandika, kisha tuipitie.

"Jumanne 14 Mei. Kilo 11.4. Homa siku 2, joto 38.9. Dalili za hatari hakuna. Pumzi 34. Viganja vizuri. mRDT CHANYA. ALu kidonge 1, vidonge 6 kwa jumla. Cha kwanza kimetolewa hapa saa 3:30 asubuhi, akakaa saa moja, hakutapika. Cha pili leo saa 11:30 jioni, kabla ya magharibi. Halafu Jumatano na Alhamisi, asubuhi na usiku. Parasetamoli robo kidonge akiwa na homa kali, si zaidi ya mara moja kila saa 6. Anayempa dawa: bibi. Homa ikiwepo bado Ijumaa, arudi na pakiti na daftari hili. Dalili za hatari zimeelezwa, arudi saa hiyohiyo hata usiku."

Mtasema ni ndefu. Ni mistari kumi ya mwandiko wa kawaida. Nimejaribu kutafuta neno la kuondoa humo na sijaliona, ila tusipoteze muda kwa yote. Nitashika matatu.

La kwanza ni uzito. Kilo 11.4 iko kwenye kundi la kilo 5 hadi chini ya 15, kundi la kidonge kimoja kimoja. Kuanzia kilo 15 hadi chini ya 25 ni viwili viwili, na hapo jumla inakuwa 12. Mkiandika "ALu" bila uzito, anayesoma siku ya nne hawezi kujua kama homa imebaki kwa sababu mtoto wa kilo 16 alipewa dozi ya mtoto wa kilo 10. Na umri hausaidii. Tuna watoto wa miaka mitatu wenye kilo 11 na watoto wa miaka miwili wenye kilo 15 na nusu.

La pili ni saa, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo penye mwanya mkubwa kuliko wote.

Dozi ya pili ya ALu hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza. Zinazofuata ndizo za asubuhi na usiku. Kwa hiyo siku ya kwanza haifanani na nyingine, na ndiyo siku pekee inayohitaji kuandikwa saa kamili. Sasa sisi tuliosoma darasani tumezoea kuandika saa za chati. Muuguzi anamaanisha saa kumi na moja na nusu jioni, anaandika "5:30". Bibi hajui kusoma, anampa mjukuu wake wa darasa la sita amsomee. Mjukuu anasoma alivyofundishwa na dunia yote inayomzunguka: saa tano na nusu. Ya asubuhi imeshapita, basi ni ya usiku. Mtoto anapewa dozi ya pili saa 5:30 usiku, saa 14 baada ya ya kwanza badala ya 8. Hakuna aliyekosea kusoma. Na mkiandika "17:30" ndiyo kabisa, huyo mjukuu atadhani ni bei.

Andikeni saa kama zinavyosemwa nyumbani, na mziandike na wakati wake: asubuhi, jioni, usiku. Halafu muifunge kwenye kitu ambacho nyumba hiyo inakifuata hata bila saa ya ukutani. Hapa kwetu adhana inasikika karibu kila mtaa. "Kabla ya magharibi" kwa mwezi wa Mei inakaa vizuri na saa 11:30. Kwa nyumba isiyofuata adhana, tafuteni kingine: watoto wakitoka shule, taarifa ya habari ya redio. Ulizeni, msikisie.

Na msiishie kuandika. Bibi akishaelezwa, muuguzi wetu alimgeukia akamwambia, "Bibi, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utafanyaje?"

Bibi akajibu, "Nitampa hiki kingine magharibi ikikaribia. Kesho asubuhi na usiku, keshokutwa asubuhi na usiku."

"Na akiwa amelala?"

"Namwamsha."

"Na kesho homa ikishuka, akaanza kucheza?"

Bibi akanyamaza kidogo. "Si nitakuwa nimeshaona amepona, mwanangu? Vilivyobaki nitaweka, mdogo wake naye ana mafua."

Hilo jibu halipatikani kwa kuuliza "umeelewa bibi?", kwa sababu jibu la swali hilo ni "nimeelewa" siku zote. Muuguzi akamweleza kwamba homa hushuka kabla wadudu hawajaisha kwenye damu, kwamba vidonge vinavyoua waliobaki ni hivyo vya Alhamisi, na mwenye mafua ana uzito wake na kipimo chake. Akamweleza pia jinsi ya kutoa: kidonge cha watoto kinachoyeyuka kinatiwa kwenye vijiko viwili vidogo vya maji, na mtoto apewe kitu chenye mafuta kabla au baada, maana dawa hii bila mafuta inafyonzwa kidogo tu. Wengi mnaishia kusema "ampe na chakula", bibi anampa chai ya rangi. Mwambieni maziwa, uji wa karanga, wali wa nazi uliobaki. Kama ananyonya, anyonye.

Kuhusu kutapika, niwape kanuni iliyomo kwenye mwongozo wa magonjwa ya watoto: akitapika ndani ya saa moja, dozi ile inarudiwa. Ndiyo maana ya kile kipande cha "akakaa saa moja, hakutapika". Kama alitapika mkampa kingine, andikeni, na muongeze kidonge kwenye pakiti yake. Msipofanya hivyo, atapungukiwa dozi ya mwisho, na siku ya nne mtu atahesabu pakiti tupu na kudhani zote sita zilikaa tumboni.

La tatu ni mstari wa kurudi. Kuna kurudi kwa aina mbili na msizichanganye.

Kurudi kwa saa hiyohiyo ni kwa dalili za hatari: mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida, viganja vimekuwa vyeupe, mkojo umekuwa mweusi kama kahawa. Hapo hakuna cha kusubiri Ijumaa, na hakuna cha kumalizia vidonge kwanza. Huyo anahitaji sindano ya artesuneti na kupelekwa hospitali. Hapa pwani nawaomba mseme neno degedege wazi, kwa jina lake. Ziko nyumba zinazoamini degedege si ya hospitali, na mama anayeamini hivyo hatawaambia. Msibishane naye juu ya imani. Mwambieni akiona mtoto anakakamaa au macho yanapinduka, njia ya kwanza ni huku, hayo mengine wazee watayafanya mtoto akishatibiwa. Nimeona akina bibi wakikubali sentensi hiyo ambao wasingekubali hotuba.

Kurudi kwa pili ni kwa homa isiyoisha. Hapa mama anahitaji kujua kwamba homa ya Jumanne usiku, na hata ya Jumatano, si ajabu. Dawa imeanza kazi, mwili bado unachemka. Kama mtoto anakunywa na hana dalili ya hatari, aendelee na vidonge. Tusipomwambia hivyo, Jumatano jioni atakuwa duka la dawa akinunua kitu kingine cha kuchanganya. Ndugu zangu wa maduka, mnajua ninasema nini. Lakini homa ikiwepo bado Ijumaa, siku 3 zikiwa zimepita, arudi, na siku iandikwe kwa jina lake. "Baada ya siku 3" kila mtu anaihesabu anavyojua.

Sasa twende Ijumaa. Mtoto wetu amerudi, joto 38.4. Mama ndiye aliyemleta, amefunga meza yake Mgandini, na kwa kuwa alitokea sokoni amepita kituo kingine kilicho karibu. Anayempokea hamjui.

Tufikirie kwanza daftari lake linasema "MRDT +ve, ALu 1x2, PCM". Mpokeaji anafanya nini? Anapima mRDT tena. Inatoka chanya, tena mstari mzito. Anaona malaria haijasikia dawa. Anabadilisha dawa, au anampa sindano mtoto anayetembea. Na amefanya hivyo kwa kufuata alichokiona kwa macho yake.

Tatizo ni kwamba kipimo hicho hakioni wadudu. Kinaona protini wanayoiacha, ile inayoitwa HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya wadudu kufa, kwa watoto wengine zaidi ya mwezi. Ni majivu: yanaonyesha palikuwa na moto, hayaonyeshi kama bado unawaka. Kwa mtoto aliyekuwa chanya Jumanne, mRDT ya Ijumaa itakuwa chanya amepona au hajapona. Jibu lake mlikuwa nalo kabla ya kumtoboa. Kinachohitajika ni slaidi kwenye hadubini, ambayo inaona wadudu wenyewe na kuwahesabu. Kituo kisicho na hadubini kimpeleke kilicho nayo.

Sasa fungueni lile daftari la mistari kumi. Mpokeaji anaona mRDT ilishatoka chanya tarehe 14, basi hapimi tena, anaagiza slaidi. Anaona uzito na dozi vinalingana. Anaomba pakiti: tupu, sita zimetoka. Anamuuliza mama dozi ya pili ilitolewa lini, mama anampigia bibi, bibi anasema kabla ya magharibi. Hajatapika. Kwa hiyo dawa iliingia ipasavyo. Slaidi inarudi: wadudu hawaonekani.

Homa ni ya nini basi? Mpokeaji anahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia kwenye mapaja. 52. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 na zaidi ni pumzi za haraka. Anarudi kwenye daftari: Jumanne zilikuwa 34. Hapo ndipo namba ile ndogo ambayo wengi tungeiruka inalipa. Bila hiyo angejiuliza kama mtoto alikuja na nimonia tangu mwanzo ikafichwa na jibu la malaria, na hilo hutokea, kwani mRDT chanya haimkingi mtoto na ugonjwa mwingine wowote. Kwa huyu, anaona kifua kimeanza baadaye. Anaangalia masikio, shingo, ngozi, mkojo. Anampa amoksilini za 250, vidonge viwili mara mbili kwa siku kwa siku 5, kwa kuwa uzito wake uko kati ya kilo 10 na 14. Na anaandika chini ya mwandiko wa mwenzake, kwa mtindo uleule: saa, dozi ya kwanza imetolewa, siku ya kurudi, dalili za kurudi haraka. Ameongeza sentensi moja ambayo naipenda sana: "mRDT isirudiwe mpaka katikati ya Juni, tumia slaidi."

Na kama slaidi ingeonyesha wadudu? Basi daftari linafanya kazi nyingine. Wadudu wakionekana pamoja na homa ndani ya siku 28 tangu dozi ya kwanza, inachukuliwa kwamba huenda tiba imeshindwa, na anapewa dawa mseto ya hatua ya pili. Zikipita siku 28, inahesabiwa ni maambukizi mapya na ALu inaanza upya. Kwa mtoto wetu mpaka ni tarehe 11 Juni. Tazameni: uamuzi wa dawa gani itolewe unategemea tarehe tu, tarehe ambayo ipo kwenye daftari au haipo popote.

Upande wa kipimo hasi nitapita haraka, ila usiachwe. Andikeni "mRDT HASI, dawa ya malaria haikutolewa", na mwandike mlichokikuta badala yake. Wazazi wengine huchukia jibu hilo, wanaona wamenyimwa. Kwa mtoto aliyetoka hasi mambo yamegeuka: akirudi Ijumaa na homa, mRDT inarudiwa, maana siku ya kwanza wadudu wanaweza kuwa wachache kiasi cha kutoonekana, na chanya ya Ijumaa kwake ni habari mpya kabisa. Mnaona? Kipimo kilekile, siku ileile, kwa mtoto mmoja ni bure na kwa mwingine ni cha lazima. Kinachowatenganisha ni neno moja mliloandika Jumanne.

Nimeona mwenyekiti anaangalia saa. Kabla ya chakula kuna kazi moja. Mbele yenu kuna karatasi tupu. Mtoto ana kilo 17, mRDT chanya, hana dalili za hatari, na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo dozi ya kwanza ameimeza hapa kituoni saa 10 jioni. Ya pili inaangukia saa 6 usiku. Baba yake ni mvuvi wa Tongoni, anaingia baharini saa 4 usiku. Mama ana kichanga cha wiki tatu. Andikeni vidonge vingapi kwa mara moja, vingapi kwa jumla, nani atampa dozi hiyo ya saa 6, na mtamwambia ataamkaje. Mkimaliza badilishaneni karatasi na jirani, umsomee kwa sauti alichoandika, kama mjukuu wa darasa la sita.